Stetasi ya mfanyakazi siyo bango la kampuni

Bosi mwingine tena kaniuliza hii wiki, eti afanyeje wafanyakazi wote waposti bango la ofa kila asubuhi halafu watume skrinshoti kwenye grupu la kazi. Jamani hapana. Stetasi ya WhatsApp wanaiona waliosevu namba yako na wewe ukasevu zao, yaani shangazi, mwenye nyumba na mliosoma nao, na wakichoka wanakumyuti, wala huambiwi. Halafu kuna hili mabosi wengi hawalijui: kwenye faragha ya stetasi mtu anaweza kuchagua nani aone, kwa hiyo anamchagua bosi peke yake, anaposti, anapiga skrinshoti, anafuta. Ripoti inapendeza, mteja hajaona kitu.

Kinachofanya kazi ni mtu kuposti kazi yake mwenyewe, akitaka. Chukua kampuni ya kufunga sola. Fundi kakuta inveta inavuta wati 600 kwenye betri ya volti 12, hapo ni kama ampea 50, na aliyefunga kaweka waya mwembamba mpaka ganda limelainika. Kaomba ruhusa ya mwenye nyumba, kapiga picha ya waya tu bila geti wala sura ya mtu, kaandika "huu ulikuwa unachemka, tumeubadilisha leo, ndo kazi yangu hapa kampuni fulani". Kataja anapofanya kazi, basi, hakuna aliyedanganywa. Kampuni imsaidie kwa picha safi na majibu ya kiufundi, maneno awe nayo mwenyewe.

Sasa watu watamfuata inboksi, na hapa ndo pananikera kuliko pote. Swali la waya ajibu mwenyewe, ila bei, oda na malipo viende laini ya kampuni, ile iliyo kwenye simu ya kampuni na WhatsApp Business yake. Anatuma linki:

```
https://wa.me/2557XXXXXXXX?text=Naulizia%20sola
```

Akipokea advansi kwenye namba yake, siku akiacha kazi mteja anamdai nani? Na ninyi msimlazimishe kuweka nembo kwenye picha ya profaili, wala msidai kontakti zake akiondoka. Akaunti ni yake, anaondoka nayo. Hayo yaandikwe mapema, siyo siku ya ugomvi.

Linki iwe moja kwa wote. Najua ukimpa kila mtu ya kwake utajua nani kaleta wateja wangapi, lakini hapo hapo utajua nani hajaposti, na hiari imekufa. Bora anayepokea simu aulize mteja "umetusikia wapi?" japo wengi watajibu tu "mtandaoni", kwa hiyo kipimo hicho nacho sikiamini sana. Kamisheni kwa mteja aliyenunua naikubali nusunusu: inawasukuma wazuri, ila nimeona mafundi wakianza kugombania mteja mmoja, na dawa yake bado sijaipata.