Si kila -ru hutupwa

"Kitenzi cha Kijapani kikiishia na -ru, si unaondoa -ru unaweka -te, basi?"

Hapana, hiyo ni kanuni ya kundi la pili la vitenzi tu. Chukua kiru, kuvaa: kite kudasai, tafadhali vaa. Lakini ipo kiru nyingine, kukata, ya kundi la kwanza: kitte kudasai. Ukiimeza ile t ya ziada, uliyemwomba akate kitunguu atasikia "vaa", au hata "njoo", kwa kuwa kuru, kuja, mwenzake suru katika kundi la tatu, nayo hutoa kite. Kinachovitenganisha ni ukanushi: kinai, havai, kiranai, hakati. Ukiona -ranai, weka -tte: yasai o kitte itameru, anakata mboga kisha anazikaanga, kitte iru, bado yuko anakata.