Kinyama cha waridi kilichorudi kila kilipokatwa

Mama mmoja mwenye kibanda cha mboga Kawangware, Nairobi, alikuja kliniki na mguu wa kulia umefungwa leso. Ana miaka 58. Alipoifungua, kando ya ukucha wa kidole gumba kulikuwa na kinyama cha rangi ya waridi, chenye ukubwa wa punje ya mahindi, kimelowa na kung'aa. "Daktari, hiki kitu kimenichosha," akasema. "Soksi ikikigusa tu, damu."

Kilianza miezi saba kabla ya hapo. Kwenye kemisti aliambiwa ukucha umeota ndani, akapewa vidonge vya wiki moja. Kliniki moja ikakiunguza kwa kijiti cha dawa, kikasinyaa, kisha kikarudi. Kliniki nyingine ikakikata na kuunguza shina lake kwa mashine. Baada ya wiki tano kilikuwa kimerudi, kikubwa kuliko mwanzo. Nikamuuliza kile kipande kilichokatwa kilipelekwa maabara gani.

"Kilitupwa, daktari."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Wengi wetu tumefundishwa kwamba melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ni doa jeusi lenye kingo zisizo sawa na rangi zilizochanganyika. Doa jeusi tunalitilia shaka, kinyama cha waridi tunakionea huruma na kukisafisha. Lakini kinachoifanya iwe melanoma si weusi wa doa. Ni seli ilikoanzia, yaani seli inayotengeneza melanini, rangi ya ngozi. Seli hiyo ikishageuka saratani inaweza kusahau kazi yake ya zamani: vimeng'enya vya kutengeneza rangi vinapungua au vinashindwa kufanya kazi, huku seli ikiendelea kugawanyika bila breki. Kinachobaki ni nyama isiyo na rangi yake, na uwaridi tunaouona ni damu iliyo kwenye mishipa midogo inayoilisha. Kwa makadirio ya kawaida, melanoma za namna hii ni kati ya asilimia 2 na 8 ya melanoma zote. Ni chache, ila hugunduliwa zikiwa nene zaidi kwa sababu kila mtu aliyeziona mwanzoni alizipa jina jingine.

Kwa Mwafrika mweusi kuna jambo la pili. Melanoma zetu nyingi huota kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua si chanzo. Na mguu ni mahali pa misukosuko. Mtu amejikwaa, amevaa viatu vya kubana, ana sugu, chunjua, au kidonda cha kisukari. Kila uvimbe una kisa cha kuuelezea, na kisa kikipatikana uchunguzi unaishia hapo. Mama huyu pia alikumbuka kreti ya nyanya iliyomwangukia kidoleni. Huenda ni kweli iliangukia kidole hicho, lakini kreti haiwezi kueleza kinyama kinachoendelea kukua miezi saba baadaye.

Kinachofanana zaidi na melanoma isiyo na rangi ni kile kinyama chekundu kinachotoka damu haraka, ambacho madaktari hukiita granuloma ya payojeniki. Hicho hakina ubaya. Huchipuka ndani ya wiki chache, mara nyingi kwa mtoto, kijana au mjamzito, pengine baada ya jeraha dogo. Kwa macho matupu siwezi kuapa kwamba nimevitofautisha, na hakuna daktari wa ngozi mwaminifu atakayeapa. Ndiyo maana huwa naangalia tabia kuliko rangi. Kimeinuka? Ukikibonyeza ni kigumu? Kimekua mfululizo kwa zaidi ya mwezi? Kinyama chenye mambo hayo matatu hakisubiri, kiwe cheusi, cha waridi au cha rangi ileile ya ngozi. Kutoka damu bila kuguswa sana na kurudi baada ya tiba huongeza shaka, sawa na ukucha uliopasuka au kuliwa na uvimbe huo. Umri nao una uzito: kinyama kipya kidoleni kwa mtu wa miaka 58 asiye na sababu inayoeleweka sikichukulii kama cha msichana mjamzito.

Nilikitazama kwa dermatoskopu, ile lenzi yenye taa tunayoiweka juu ya ngozi. Hapa kuna kosa ambalo hata mimi nililifanya miaka ya mwanzo: ukiibonyeza lenzi, damu inakimbia kwenye mishipa na unabaki ukitazama nyama nyeupe isiyokwambia kitu. Sasa natia jeli nyingi, ileile ya ultrasaundi, na lenzi inaelea juu yake. Nikaona maeneo ya wekundu wenye utusitusi, kama maziwa yaliyodondokewa damu. Mishipa haikufanana: mingine vinukta, mingine mistari iliyopinda ovyo. Nilipobadilisha taa kwenda mwanga uliochujwa, mistari mifupi myeupe ikang'aa. Na pembeni kabisa, karibu na ngozi nzima, palikuwa na utepe mwembamba wa kahawia iliyofifia, usiozidi milimita moja. Masalio ya rangi kama hayo ni ya kutafutwa kwa subira, kwa kuwa melanoma zisizo na rangi hata chembe ni adimu kuliko tunavyodhani. Hata hivyo, granuloma nayo inaweza kuonyesha wekundu na mistari myeupe. Lenzi iliniongezea shaka, lakini jibu lilikuwa kwenye nyama.

Nilimchoma dawa ya ganzi kwenye shina la kidole, nikatoa ukucha na kuchukua kipande kinene kutoka sehemu iliyoinuka zaidi, hadi chini. Ukikwangua juu tu, maabara itaona kidonda na nyama ya kupona, na itakujibu hivyo kwa haki kabisa. Kipande kikaingia kwenye fomalini. Kwenye fomu niliandika waziwazi: kimekatwa na kurudi, nashuku melanoma isiyo na rangi. Mwanapatholojia asipoelezwa hivyo, anakutana na seli mbaya zisizo na melanini zinazoweza kuwa za saratani za aina nyingi. Akielezwa, anaagiza rangi maalumu za maabara zinazozitambua seli hizi kwa protini zake, kama S100, SOX10 na Melan-A.

Majibu yalikuja baada ya wiki mbili. Ilikuwa melanoma, imechubuka juu, na unene wake kwa kipimo cha Breslow ulikuwa milimita 3.4. Kipimo hicho ndicho kinachoamua mengi: melanoma isiyozidi milimita 1 huondolewa pamoja na sentimita 1 ya ngozi nzima kuizunguka, na inayozidi milimita 2 huhitaji sentimita 2. Kidoleni hakuna sentimita 2 za kutoa, kwa hiyo daktari wa upasuaji alikata sehemu ya kidole gumba kwenye kiungo. Alipima pia tezi ya kwanza ya kinena inayopokea maji kutoka mguu huo, na ndani yake kulikuwa na seli chache za saratani. Mama akapelekwa kwa daktari wa saratani.

Nikiwa hapo, niwataje ndugu zetu wenye ualbino. Saratani zao nyingi za ngozi ni za aina nyingine, zinazoletwa na jua, lakini wakipata melanoma mara nyingi haina rangi, kwa kuwa seli zao tangu kuzaliwa hutengeneza rangi kidogo sana au hazitengenezi kabisa. Kwao kusubiri weusi ni kusubiri kisichokuja.

Mama wa Kawangware anakuja kila baada ya miezi mitatu. Nakagua kovu, nyayo na kucha zote, kisha napapasa kinena. Safari iliyopita alinionyesha baka la waridi kwenye kisigino, sauti ikimtetemeka. Lilikuwa bapa na laini, na alikuwa amevaa viatu vipya. Nililipima kwa rula: milimita 6. Nikampa tarehe ya kurudi baada ya wiki nne. Aliporudi, baka lilikuwa limetoweka.