Mjane wa mlinzi aliyefia Iraki akiolewa tena

Je, mjane wa Mganda aliyeuawa akiwa mlinzi wa kampuni ya Kimarekani huko Iraki hupoteza malipo yake akiolewa tena, au akiishi na mwanamume bila ndoa?

Akiolewa, malipo yake ya kila wiki hukoma, lakini haondoki mikono mitupu. Sheria ya Marekani iitwayo Defense Base Act, ambayo huwahusu pia walinzi wasio Wamarekani, humpa mjane nusu ya wastani wa mshahara wa marehemu kwa muda wote anaobaki mjane, na siku anapoolewa hudai malipo ya miaka 2 kwa mkupuo.

Tuchukue mfano wa marehemu aliyelipwa dola 200 kwa wiki na kuacha mke na mtoto mmoja. Mjane hupata dola 100 na mtoto dola 33 na senti. Mama akiolewa, hulipwa dola 10,400 kwa mara moja, na fungu la mtoto hupanda hadi dola 100 kwa wiki mpaka atimize miaka 18, au 23 akiendelea na masomo. Mjane anaweza kushawishika kuficha ndoa kwa kuogopa kwamba mtoto atanyimwa, ilhali kuificha ndiko kunakomchelewesha mtoto nyongeza yake.

Kuishi tu na mwanamume bila ndoa, sheria haikutaji kuwa sababu ya kukata malipo. Ugumu kwa Uganda uko kwenye ndoa ya kimila. Mahari yakishatolewa katika kwanjula, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba nyumbani kwa wazazi wa mwanamke, na mke akakabidhiwa, ndoa inaweza kuwa imekamilika kisheria hata kama haijasajiliwa, na mama anayesubiri harusi ya kanisani huku akijiita mjane anaweza kukuta amekwisha kuolewa. Ikiwa kwanjula ilikuwa Machi na akatoa taarifa wiki 40 baadaye, dola 4,000 alizopokea katikati zinaweza kukatwa kwenye zile 10,400.

Kwa hiyo aiandikie kampuni ya bima inayomlipa mara tu baada ya sherehe, ataje tarehe ya kwanjula, nikahi au kanisa, kila moja kama ilivyofanyika, aambatishe cheti kama kipo, na katika barua hiyohiyo adai mkupuo wake na nyongeza ya mtoto. Asipodai, asitegemee kukumbushwa. Anayeishi na mwanamume bila mahari wala nikahi, akiulizwa, aeleze hivyohivyo na abaki na nakala. Kudanganya kwa makusudi ni kosa la jinai chini ya sheria hiyo, lenye faini ya hadi dola 10,000 au kifungo cha hadi miaka 5, au vyote viwili.

Akiba ya NSSF ya marehemu ni jambo jingine: hulipwa warithi kwa mkupuo, kwa hiyo ndoa ya baadaye haina cha kusimamisha.