Mpango wa masoko wa fundi cherehani: anza na daftari la vipimo

Mafundi wengi wanaoniletea mpango wa biashara huandika kwenye sehemu ya masoko: "Tutatangaza WhatsApp na wateja watatuambia kwa wenzao." Sentensi hiyo haisemi nani atatumiwa nini, wala lini. Mimi huanza na daftari la vipimo, maana majina na namba zote zimo humo.

Chukua karakana ya mfano yenye uwezo wa kushona nguo 12 kwa wiki. Wateja wa zamani huleta oda 8, kwa hiyo nafasi inayotafutiwa watu ni ya nguo 4 tu. Daftari lina namba 200. Fundi akizitangazia zote kwa mpigo wiki ya kuelekea sikukuu, oda zitamzidi, nguo zitachelewa, na habari za gauni lililokosa sherehe husambaa haraka kuliko za gauni lililokaa vizuri.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui. Ujumbe wa orodha ya kutangazia ya WhatsApp humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Orodha moja inabeba watu 256, lakini wasiokuhifadhi hawapati chochote, na wewe hupewi onyo. Fungua taarifa za ujumbe wenyewe uone umewafikia wangapi. Baadhi yao watakuwa wamezima simu tu, basi subiri siku mbili tatu kabla ya kuhesabu. Wakiwa 70 kati ya 200, orodha yako halisi ni ya watu 70.

Dawa yake ni kumwomba mteja aihifadhi namba palepale anapopimwa: "Dada, nisevu, nitakutumia picha nguo ikiwa tayari." Ana sababu ya kukubali, kwa kuwa anaisubiri nguo yake.

Kisha gawa orodha kwa aina ya mshono: sare, suti, magauni ya sherehe. Aliyeshonewa sare hana haja na picha za magauni kila wiki; ukimchosha atakufungia. Kwa nafasi 4, ningetuma kwa kundi moja tu la watu 30 hivi, picha ya nguo iliyovaliwa na mteja aliyeridhia itumike, na tarehe ya mwisho ya kupokea vitambaa.

Habari za mdomo nazo zina wakati wake. Siku ya kuchukua nguo mteja bado hajasifiwa na mtu. Mwandikie siku moja baada ya sherehe, uulize kama nguo ilimkaa vizuri. Aliyeulizwa "nani kakushonea?" jana yake atakujibu kwa furaha, na hapo ndipo unamwomba awape namba yako walioulizia.

Kwenye daftari ongeza safu moja: "Nani kakuelekeza?" Jina likijirudia mara tatu, mpunguzie mtu huyo gharama ya marekebisho. Safu ikijaa "nimeona picha" lakini arubuni hazilipwi, kagua kwanza muda unaochukua kujibu bei.