"Ada ndiyo inawafukuza wazazi": dhana potofu za wenye shule za chekechea

Dhana: Mzazi asiporudi, ada imemshinda.

Hii nimeisikia kwa wakurugenzi wa Kampala na Wakiso hadi imenichosha. Februari ikifika na bebi klasi haijajaa, wanataka kupunguza ada. Mimi huwauliza: mzazi mlimtajia ada lini? Wengi hujibu kwamba aliambiwa kwenye simu ya kwanza. Sasa mtu aliyeijua ada, akapanda boda, akaja kukagua darasa na vyoo vya watoto, hiyo ada imemshindia wapi?

Ukweli ni kwamba hujui alipopotelea kwa sababu hukuandika. Daftari la kaunta linatosha. Kila mtoto apewe mstari mmoja wenye tarehe nne: mzazi alipouliza, alipotembelea, alipolipa, na mtoto alipoingia darasani. Wakipotea wengi kabla ya kutembelea, chunguza simu yako: nani anapokea, na ujumbe wa WhatsApp wa Ijumaa jioni unajibiwa lini? Wakipotea baada ya kutembelea, chunguza karatasi unayowapa wakiondoka.

Karatasi hiyo ndiyo mara nyingi yenye kesi. Tuseme kwenye simu ulitaja ada ya shilingi 450,000 kwa muhula. Ofisini mzazi anakuta usajili 50,000, sare na sweta 120,000, gari la shule 180,000, halafu orodha ya vifaa: rimu ya karatasi, karatasi za chooni, sukari, ufagio, vyote kama 90,000. Jumla 890,000. Alikuja amejipanga kwa nusu yake. Hatabishana nawe, atasema "nitazungumza na baba yake", na hapo umeshampoteza. Ukipunguza ada kwa 50,000, bado atakutana na jumla ya 840,000 ambayo hakuitarajia. Taja jumla kwenye simu ya kwanza, na useme kipi kinalipwa mara moja tu na kipi kila muhula. Ndiyo, wachache watakata simu. Hao wasingelipa hata wangekuja.

Dhana: Akichukua fomu, ni wetu.

Fomu haimfungi mtu. Wapo wanaochukua fomu za shule mbili au tatu na kuzilinganisha mezani nyumbani. Usimhesabu mtoto mpaka aketi darasani, maana hata aliyelipa sehemu anaweza kuhama kabla ya kufungua.

Dhana: Bango la barabarani ndilo linalowaleta.

Umewauliza? Ongeza safu moja kwenye daftari: "nani alikuambia habari zetu?" Jirani na mzazi mwenzake kazini watajirudia humo kuliko unavyodhani.

Dhana: Uandikishaji ni kazi ya Januari.

Wazazi huanza kuulizia nafasi wakati muhula wa tatu unaelekea kufungwa, Novemba na mwanzoni mwa Desemba. Wakati huo shule nyingi zinashughulikia sherehe ya mahafali ya topu klasi, kisha ofisi inafungwa na simu inalala kwenye droo mpaka Januari. Mpe mtu mmoja simu hiyo likizo nzima, pamoja na daftari.