Samaki wa mvuke haivi kwa nusu saa

«Tilapia mzima asipokaa kwenye mvuke nusu saa, ndani anabaki mbichi.»

Wengi husema hivyo, lakini si kweli. Tilapia wa gramu 500 anaiva kwa dakika 10 hivi. Wa gramu 800, dakika 13. Wa kilo moja, 15 au 16. Hapa Bukavu tuko juu, kama mita 1.500, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, ndiyo maana nimeongeza dakika moja au mbili juu ya muda wa pwani. Lakini hesabu hiyo inaanza maji yakiwa yanachemka kwa nguvu, samaki akiwa hana barafu, na sahani yake imeinuliwa juu ya maji. Makala yakififia kwenye mbabula, mvuke unapungua na hesabu inaharibika.

Muda ukifika, fungua mfuniko. Jicho la samaki likiwa jeupe ni dalili nzuri, lakini usiliamini peke yake. Ingiza ncha ya kisu nyuma ya kichwa, penye mnofu mnene. Nyama ikiwa nyeupe na inaachana na mfupa bila kuvutwa, ameiva. Ikiwa bado inang'aa kama kioo na kung'ang'ania mfupa, funika dakika mbili. Akizidishwa, mnofu unakauka na maji meupe yanajaa sahani.