Darasa zima limepata slopu? Hebu nionyeshe swali lenyewe

Mwalimu mwenzangu kanitumia swali wasapu, kidato cha pili, anafurahi darasa zima limepata slopu. Nikalifungua: gari linaanza sifuri, sekunde ya 5 lina 10 m/s, tafuta mchapuko. Sasa ndugu yangu hapo umepima nini? Mtoto kaona 10, kaona 5, kagawanya, kapata 2. Mstari ukianzia sifuri, kugawa kasi kwa muda na kugawa badiliko la kasi kwa badiliko la muda ni jibu lile lile, kwa hiyo anayejua na asiyejua wote tiki. Na hii imani kwamba jibu sahihi maana yake kaisoma grafu nimeshaichoka kwa kweli.

Mi swali langu ni la baiskeli, si tuko Tanga bwana. Kijana yuko kipande kilichonyooka cha njia ya Raskazone, grafu ni ya kasi kwa muda. Muda unaanza kuhesabiwa akiwa tayari ana 2 m/s, kasi inapanda sawasawa hadi 6 m/s sekunde ya 5, anaenda na hiyo hiyo mpaka sekunde ya 12, anakamata breki, sekunde ya 15 kasimama.

Kipengele cha kwanza nauliza mchapuko wa sekunde 5 za mwanzo. Siandiki "tafuta slopu", maana hapo umeshamwambia afanye nini. Jibu ni (6 − 2) ÷ 5, yaani 0.8 m/s². Aliyegawa 6 kwa 5 analeta 1.2, aliyepindua juu chini analeta 1.25. Hizo mbili zinakaribiana, ndo maana nadai njia ionekane. Na usiweke badiliko la 4 kwa sekunde 4, aliyepindua atapata 1 kama aliyepatia na hutamjua. Maksi 3: kusoma pointi mbili sahihi, kugawa badiliko kwa badiliko, jibu na yuniti yake. Mwenye 1.2 kwangu hapati ya njia hata kama kaandika kanuni kwa mwandiko wa dhahabu.

Cha pili ni umbali wote, na hapa ndo patamu. Kipande cha kwanza ni trapeza, (2 + 6) ÷ 2 × 5, mita 20. Katikati ni mstatili, 6 × 7, mita 42. Mwisho pembetatu, mita 9. Jumla 71. Sasa angalia makosa: aliyefanya kipande cha kwanza pembetatu kuanzia sifuri anapata 15 na jumla yake 66. Aliyesahau ule mstatili mdogo wa chini na kuchukua pembetatu ya juu tu anapata 10, jumla 61. Aliyezidisha 6 kwa 5 ana 30, jumla 81. Aliyezidisha 6 kwa sekunde zote 15 ana 90. Hakuna mbili zinazofanana, hivyo ukiona jumla tu unajua alipoteleza, na hivyo ndivyo namba za swali zinavyochaguliwa, siyo kwa sababu ni nzuri kugawanyika.

Maksi 4: kuonyesha umbali ni eneo chini ya mstari, kipande cha kwanza, vipande viwili vilivyobaki, jumla na yuniti. Mwenye 15 anapoteza moja tu, 66 yake naikubali kwa sababu kajumlisha alichonacho kwa usahihi, na hilo liandikwe kabisa kwenye makingi skimu, la sivyo walimu wawili wakisahihisha mmoja atatoa 3 mwingine 2. Kuna mjanja anachora trapeza moja kubwa, (7 + 15) ÷ 2 × 6, naye anaangukia 66 hiyo hiyo. Kosa ni lile lile, kaanzisha safari sifuri, ila hana vipande vya kumpa maksi. Huyo nampa 2, ya eneo na ya jumla, na sina raha nayo, maana kaijua hesabu kuliko yule wa vipande.

Cha tatu kifupi: kati ya sekunde ya 12 na 15 kijana anaelekea wapi? Utashangaa wangapi wanaandika anarudi, au anateremka mlima, kwa sababu mstari unashuka. Wanaiona grafu kama picha ya njia. Maksi moja kwa "anaendelea mbele", moja kwa sababu: kasi bado iko juu ya sifuri, ila inapungua. Asiyetoa sababu apate moja tu, kwani wanaobahatisha ni wengi.

Halafu skeli, tafadhali. Miraba miwili mikubwa kwa 1 m/s, sio mitatu kwa 2, na ukipiga kopi hakikisha mistari myembamba inaonekana, maana mashine zetu zinaimeza. Kwenye skimu ruhusu nusu mraba mdogo kila pande kwenye usomaji, na andika 0.8 itakuwa kati ya ngapi na ngapi kabla hujaanza kusahihisha, siyo ukishaona karatasi ya mtoto unayempenda.